Jibu: Mbona Murabitun waling'olewa mapema hivyo?

"Mwanahistoria Ibn Khaldun anasema asabiya ndiyo inayoleta dola. Sasa Murabitun, wale watawala wa Kiberberi wa Maghreb walioshikamana vile, mbona waling'olewa mji mkuu wao Marrakesh kabla karne haijaisha?"

Salaam mkuu. Kwanza angalia ni nani aliyekuwa akishika silaha, na lini. Mimi nikisoma Mukadima, kitabu cha Ibn Khaldun, huanzia hapo, maana kwake asabiya si mali ya kudumu. Ni ile hali ya watu wa ukoo mmoja kufa kwa ajili ya mwenzao, na maisha magumu ya jangwani ndiyo yanayoilea.

Yusuf bin Tashfin, mtawala wa Murabitun, alishinda vita vya Zallaqa huko Andalusia mwaka 1086 akiwategemea hasa Walamtuna, jamaa zake wa Sahara. Mwanawe Ali alikulia ikuluni, na zama zake jeshi lilikuwa na askari Wakristo wa kukodi, pamoja na kamanda wao Reverter. Dalili ndiyo hiyo: mtawala anapoanza kununua ulinzi ambao babake alipewa bure na ndugu. Mshahara nao hutoka kwenye kodi, kodi inapanda, raia wanachoka.

Wakati huohuo, kule milima ya Atlas, Wamasmuda walikuwa wameunganishwa na mahubiri ya Ibn Tumart. Dini iliongeza nguvu juu ya undugu uliokuwapo tayari. Peke yake, anasema Ibn Khaldun, isingetosha. Mwaka 1147 wakaitwaa Marrakesh.

Ile miaka 120 ambayo Ibn Khaldun anaitaja kuwa umri wa dola, yaani vizazi vitatu vya miaka 40, usiichukue kama saa ya ukutani. Mwenyewe aliitaja kama makadirio.