Wali wa nikahi na sare za shangazi

Swali la wiki: "Harusi yetu ni ndogo, lakini kila ndugu ana lake. Nitenganishe vipi cha lazima na matakwa ya ndugu?"

Ndugu Mhariri, hapa Tanga nimeshika daftari la fedha katika kamati kadhaa za harusi za ukoo wetu, na huanza kwa kuuliza ni kitu gani kikikosekana ndoa haifungwi. Kwa sisi Waislamu jibu ni fupi: bwana na bibi harusi, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Naongeza mahari, ada ya cheti na chakula cha walima, ambacho ni suna, ingawa sijaona familia ya Ngamiani iliyothubutu kukiacha.

Hiyo ndiyo safu ya kwanza ya daftari, nayo hulipwa kwa fedha iliyokwisha kufika mkononi. Ahadi za michango haziingii humo, kwa sababu anayeahidi laki mbele ya kikao huenda akaleta elfu thelathini, tena baada ya harusi.

Safu ya pili ni sare, ngoma ya kesha, sendofu, mapambo na gari la maharusi, na kila kitu huandikiwa jina la aliyekitaka. Shangazi akitaka kanga za sare, yeye ndiye anayekusanya fedha za doti kwa wenzake. Zisipotimia wiki moja kabla ya siku, sare imefutika na hakuna deni. Kilemba na mkaja navyo ni vya mila, lakini havingoji: mshenga aviulize siku ileile anapoulizia mahari, la sivyo vitadaiwa mlangoni, bwana harusi akiwa amekwisha kuvaa kanzu.

Penye hatari zaidi ni chakula, kwa kuwa matakwa ya ndugu hujificha ndani ya cha lazima. Tuseme wageni ni 100. Kilo moja ya mchele wa pilau hutosha watu wanane hivi, basi ni kilo 13. Nami huweka 18, kwa ajili ya wapishi, majirani na sahani zinazofunikwa kupelekwa kwa wagonjwa na wazee. Nyama robo tatu ya uzito wa mchele inatosha, yaani kilo 14 hivi. Mchele ukiwa shilingi 3,000 kwa kilo na nyama 12,000, mchele ni 54,000 na nyama 168,000. Kwa hiyo kubana mchele hakuokoi kitu. Kinachookoa ni idadi ya watu. Wakiongezeka 40, huongezeka kilo tano za mchele na nne za nyama, yaani shilingi 63,000, kabla ya viungo, kuni, viti na turubai la pili.

Kwa sababu hiyo orodha ya majina hufungwa kabla ya kumwita mpishi, na baba mdogo anayeongeza wageni baadaye huambiwa, kwa adabu, aongeze na kilo zao.