Nyimbo ulizodaunlodi zikigoma ukiwa nje ya mtandao

Swali: "Nimelipia apu ya muziki nikadaunlodi nyimbo kibao. Juzi niko kwenye SGR katikati ya Tsavo, zote zimegeuka kijivu, ati niingie onlaini kwanza. Zimefutika ama?"

Hazijafutika ndugu yangu. Fungua setingi za simu uangalie hiyo apu imekula nafasi kiasi gani, ukiona bado imeshika magiga yake jua mafaili yapo, kilichoisha ni ruhusa ya kuyafungua. Unapodaunlodi unapewa faili lililofungwa, na ufunguo wake una muda. Muda ukiisha apu inataka kuuliza seva kama bado unalipia, na kama haina mtandao haiwezi kuuliza kwa hivyo inafunga. Spotify kwa mfano wanasema wazi uingie onlaini angalau mara moja kila siku 30.

Mimi ni baharia, nikitoka Kilindini naweza kukaa wiki na wiki bila mtandao wa maana, na hili jambo liliniudhi sana mara ya kwanza kwa sababu pesa nilikuwa nimelipa na simu nilikuwa naiwasha data bandarini kila tukitia nanga, lakini watsapu tu ndiyo nilikuwa nafungua. Simu kuwa na data haitoshi, lazima ufungue apu yenyewe. Pia angalia ndani ya apu kama Offline mode imewashwa, hiyo ikiwa oni apu haigusi mtandao hata uwe na bando la mwezi mzima, na kama umeizuia isitumie data ya simu basi nayo itakaa vilevile.

Sasa hivi kabla ya safari nafanya hivi. Jioni ya mwisho nafungua apu nikiwa na data, nacheza wimbo mmoja ambao sijaudaunlodi, ukicheza najua imefika kwa seva. Halafu nawasha Airplane mode, naifunga apu kabisa, naifungua tena na kujaribu nyimbo mbili tatu kutoka orodha tofauti. Zikilia, naondoka. Bando dogo linatosha kwa sababu hudaunlodi upya, ni ukaguzi tu.

Angalia pia tarehe ya malipo. Tuseme unasafiri tarehe 5 na malipo yanakatwa tarehe 12, hakikisha pesa iko kwenye kadi kabla hujaondoka, maana ukishika mtandao njiani na malipo yamegoma unarudishwa akaunti ya bure, na hapo zile nyimbo huzichezi tena mpaka ulipe.

Ikishagoma usiifute apu ukaiweka upya, hapo ndipo utapoteza nyimbo kweli na kuanza kudaunlodi zote. Subiri tu ushike mtandao, Voi kwa mfano, uifungue na uiache kidogo.

Filamu ni habari nyingine. Netflix baadhi yake zinaisha saa 48 tangu ubonyeze pley, hata kama malipo yako safi, kwa hivyo usianze kuitazama nyumbani ile unayoiwekea safari.