Kumpima fahamu mgonjwa wa kiharusi asiyesema

"Mgonjwa wa kiharusi kapoteza kauli, alama za fahamu nampaje?"

Dada yangu, kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, kauli mpe 1, alama ya chini kabisa, lakini andika pembeni kuwa ni kauli iliyopotea, ili wa zamu ya usiku asidhani kazimia. Bibi mmoja tulimpokea huku Pemba, mkono wa kulia umelegea: macho 4, kauli 1, mjongeo 6, jumla 11. Mjongeo upime kwa mkono mzima, si uliopooza. Wengi hukosea hapo. Muoneshe kwa ishara pia, maana huenda maneno hayaelewi. Baada ya saa moja akawa anafumbua macho kwa kufinywa tu, 2, na mkono wauondoa mkono wangu unaomfinya, 5. Kauli bado 1, jumla 8. Hapo tulimlaza ubavu, tukalinda njia ya hewa, tukapima sukari huku daktari anaitwa. Na uji, hata kijiko, usimpe kabla hajapimwa kumeza.