Swichi ya TL-SG108E: kupata IP iliyosahaulika, na kuirisiti bila kuangusha ofisi

> "Wadau, niko na TL-SG108E hapa ofisini Westlands. Aliyeiweka aliondoka, IP haijulikani, na 192.168.0.1 inafungua rauta. Nibonyeze tu risiti?"

Usibonyeze bado. Pindua swichi usome MAC kwenye stika, kisha itafute kwenye orodha ya DHCP ya rauta. Ikiwemo, kazi imeisha. Isipokuwemo, huenda ilipewa IP ya kudumu.

Hapo subiri watu watoke, piga picha ya kila kebo na tundu lake, kisha chomoa kebo zote, uache moja tu kutoka kwenye laptopu yako. Zima Waifai. Kwenye Windows, Easy Smart Configuration Utility ya TP-Link huiona swichi hata kama IP zenu hazifanani. Ikionyesha orodha tupu, mara nyingi ni ukuta-moto wa Windows unaozuia majibu. Mwenye Linux asikilize hivi, akiweka jina la kadi yake:

```
sudo tcpdump -eni enp3s0 'arp or port 67'
```

Chomoa stima ya swichi, rudisha, subiri dakika moja. Swichi nyingi hujitangaza zikiwaka. Tafuta mstari wenye ile MAC ya stika. Anwani iliyo baada ya `tell` ni ya swichi yenyewe. Tuseme umeona 10.20.5.2: ipe laptopu 10.20.5.50, barakoa 255.255.255.0, kisha fungua http://10.20.5.2. Paswadi ikikubali, hifadhi nakala ya mipangilio na usirisiti chochote.

Paswadi ikikataa, sasa risiti ina maana. Hakikisha ile picha ya kebo unayo, kwa sababu risiti inafuta VLAN zote. Kamera na wageni waliotengwa watajikuta mtandao mmoja na kompyuta za uhasibu. Kama kebo mbili zilikuwa zimeunganishwa kuwa LAG kwenda swichi nyingine, zinaweza kugeuka kuwa kitanzi: taa zote zitapepesa kwa fujo na mtandao utalala. Na wewe una la tatu: swichi inaweza kuamka na 192.168.0.1, anwani ileile ya rauta yako. Ukiichomeka hivyo, kompyuta nyingine zitakuwa zikipeleka data kwa swichi badala ya rauta, na intaneti itakatikakatika bila mpangilio.

Swichi ikiwa inawaka, bonyeza risiti kwa kipini cha karatasi zaidi ya sekunde 5, achia, iache iwake upya bila kuigusa. Ipe laptopu 192.168.0.50, fungua http://192.168.0.1, ingia kwa admin/admin, badilisha paswadi, zima DHCP ya swichi, ipe 192.168.0.2 (hakikisha iko nje ya zile rauta inazogawa). Rudisha VLAN na LAG kabla ya kurudisha kebo. Menyu ikiwa na Save Config, ibonyeze, la sivyo stima ikipotea unaanza upya.