Vifungo vya ziada, mikono ya koti iliyoyeyuka, vidole vilivyoungana: maneno gani yanazuia kweli

Wiki iliyopita fundi cherehani mmoja wa Morogoro alinitumia picha na ujumbe mfupi: "Kaka, maneno yote ya kuzuia nimeweka, mbona koti bado lina vifungo saba?" Picha ni ya mdogo wake, amesimama mlangoni amevaa tisheti ya bluu, kiganja kimoja kimeshika kingine mbele ya tumbo. Kwa Stable Diffusion, programu ya akili bandia inayochora picha, fundi alitaka kumvisha koti la suti la vifungo viwili ili wateja waone mshono kabla ya kitambaa kukatwa. Alichopata ni vifungo vilivyopanda mpaka kwenye kola, mkono wa kushoto wa koti umegandana na mbavu kuanzia kiwiko kwenda chini, na vidole vimeshikana vyote kama amevaa soksi mkononi.

Chini ya picha alibandika prompti hasi yake, yaani maneno ya vitu asivyotaka vichorwe, aya nzima. Mstari wa kwanza nikautambua pale pale. Niliuandika mimi, nikautoa bure, watu wakaushukuru. Kuna mtu akauchukua, akaurefusha kwa maneno ya kuokoteza, akauuza kwenye grupu. Fundi wangu kalipia. Sitajifanya haikuniuma. Na kilichoniuma zaidi ya wizi ni kwamba huo urefushaji umeuharibu, halafu watu wanasema "njia ya yule jamaa haifanyi kazi".

Basi nikamwambia anitumie faili lenyewe kama dokumenti, siyo kama picha, kwa sababu WhatsApp ikituma picha inafuta taarifa zilizofichwa ndani yake. Faili la PNG linalotoka kwenye Stable Diffusion hubeba mipangilio yote iliyotumika. Ukilidondosha kwenye kichupo cha `PNG Info` unasoma kila kitu. Nikasoma, na jibu likawa hapo hapo:

```
Steps: 6, CFG scale: 1
```

Aya yake yote ya maneno ya kuzuia haikuwa imetumika hata neno moja.

Hapa inabidi tuelewane kidogo kuhusu namna prompti hasi inavyofanya kazi, maana wanaouza orodha hawalisemi hili. Katika kila hatua ya kuchora, modeli inakisia mara mbili. Kisio la kwanza linafuata maneno unayoyataka, la pili linafuata maneno usiyoyataka. Kisha inachukua tofauti kati ya hayo mawili, inaizidisha kwa namba ya `CFG Scale`, na kusogea upande wa unachotaka kwa kiasi hicho, ikianzia kwenye lile kisio la pili. Namba ikiwa 6 au 7, msukumo wa kuyakimbia maneno hasi ni mkubwa. Namba ikiwa 1, hesabu inajifuta: kisio la pili linaongezwa na kutolewa palepale, linabaki la kwanza peke yake. Programu nyingi hata hazihangaiki kulikokotoa.

Fundi alikuwa anatumia modeli ya aina ya Lightning, zile za haraka zilizotengenezwa kuchora kwa hatua chache na CFG ya 1. Turbo na LCM nazo ndivyo zilivyo, na Flux dev ikitumiwa kwa mipangilio yake ya kawaida ni hivyo hivyo. Ni modeli nzuri kwa mtu mwenye kompyuta dhaifu, lakini huko prompti hasi ni pambo. Na usipandishe CFG ya modeli ya haraka mpaka 7 ukidhani umetatua, utapata rangi zilizoungua na ngozi kama plastiki. Nikamhamishia kwenye modeli ya kawaida ya SDXL, CFG 6, hatua 28. Anasubiri zaidi kidogo, lakini sasa maneno yake yanasomwa.

Yakishasomwa ndipo swali la maneno gani linapokuja. Modeli ilijifunza kutoka kwenye picha na maelezo ambayo watu waliyaandika chini ya picha hizo. Jiulize basi, nani amewahi kuweka picha yake mtandaoni akaandika chini "mkono wa koti langu umeyeyuka"? Hakuna. Kwa hiyo neno `melted sleeves`, ambalo limo kwenye kila orodha inayouzwa, modeli inalijua kidogo sana. Lakini inayajua vizuri majina ya nguo. Kazi yako ni kuangalia picha iliyoharibika na kujiuliza modeli ilidhani inachora nguo gani, kisha ukaitaja nguo hiyo kwenye upande hasi.

Vifungo saba vilivyopanda kwa mistari miwili siyo "vifungo vya ziada" tu. Ni koti la kufunga pande mbili, lile la kijeshi jeshi. Ndiyo maana neno la kwanza nililompa lilikuwa `double-breasted`. Prompti zake zikawa hivi, ya kwanza ni anachotaka, ya pili ni hasi:

```
man in a single-breasted navy suit jacket, two buttons,
notch lapel, white shirt, sleeves ending at the wrist
```

```
(double-breasted:1.3), military uniform, row of buttons,
brass buttons, extra buttons, cape, shawl
```

Namba 1.3 kwenye mabano inaongeza uzito wa neno hilo. Mimi sipendi kuvuka 1.5, maana kitambaa kinaanza kubadilika rangi bila sababu. `military uniform` na `brass buttons` ziko hapo kwa sababu ndizo zinazovuta vifungo vya kung'aa vinavyopanda mpaka shingoni. `extra buttons` nimeiacha kwa mazoea, na sitakudanganya kwamba inafanya kazi kubwa.

Angalia pia nisichoandika. Sikuandika `buttons` peke yake, kwa sababu utapata koti lisilo na kifungo hata kimoja, limeachia kama joho. Sikuandika `sleeves`, maana hapo unaomba kizibao. Sikuandika `hands`, maana modeli itaficha viganja mifukoni. Na zaidi ya yote, sikuandika `no extra buttons`. Yule muuza orodha kajaza `no` hii na `no` ile kwenye upande wa hasi, wakati kisanduku chenyewe tayari ndicho kinachokataa. Modeli haielewi "no" kama mtu, inaona vifungo tu. Ukiiandika kwenye prompti ya kawaida ndiyo mbaya zaidi, umeita vifungo kwa jina na vinakuja.

Mnaolipia aya za maneno mia, nawaambia kwa upole: kabla hujaamini neno, lipime. Funga `Seed`, ile namba inayoanzisha mchoro, isibadilike, chora, ondoa neno moja, chora tena. Picha mbili zikifanana kila kitu, neno hilo limekaa bure, litoe. Kwenye `X/Y/Z plot` kuna `Prompt S/R` inayokubadilishia maneno yenyewe na kukupangia picha kando kwa kando. Uvivu wa kupima ndio unaowatajirisha hawa watu.

Kwa vifungo basi maneno yalitosha. Kwa mkono wa koti yalisaidia nusu. Nilitazama eneo alilolipaka brashi ili modeli ilichore upya, nikaelewa. Kati ya kiwiko na mbavu za yule kijana kulikuwa na upenyo ambapo mlango ulionekana, na yeye kaupaka wote kwa brashi moja nene. Ukiupaka upenyo unaiambia modeli pale pote ni mahali pa nguo, nayo inajaza nguo. Utaandika `cape` mpaka uchoke. Nikamwambia aache upenyo bila kupakwa, lakini upande wa nje wa mkono apake zaidi ya ngozi, avuke kidogo mpaka ukutani. Tisheti ina mkono mfupi, na mkono wa koti ni mpana kuliko mkono wa mtu. Ukipaka kwa kubana kwenye ngozi, koti halina pa kukaa, linaishia kuwa rangi iliyopakwa mwilini. `Denoising strength`, yaani kiasi ambacho modeli inaruhusiwa kuibadilisha picha ya mwanzo, akaipandisha mpaka 0.85, kwa sababu chini ya hapo ngozi ya mkono inaendelea kuchungulia ndani ya kitambaa.

Vidole sasa. Hapa nitawaudhi baadhi yenu: maneno hasi hufanya kazi ndogo sana kwenye vidole, na dawa bora ni kutovigusa kabisa. Vidole vya picha halisi tayari ni vizuri. Viliungana kwa sababu vilipakwa brashi pamoja na koti. Simamisha brashi kwenye kifundo cha mkono, zunguka viganja pale vinapokaa juu ya tumbo, na `Mask blur` ibaki 4. Ukiiweka 16, ule ukungu wa ukingo unaingia kwenye vidole hata kama hukuvipaka.

Kama picha uliyonayo imeshaharibika na ya asili huna, fanya raundi ya pili ya kiganja peke yake. Modeli haichori pikseli moja moja, inafanya kazi kwenye picha iliyofinywa, ambamo pikseli nane kwa nane zinakuwa sehemu moja. Kwenye picha inayoonyesha mwili mzima kidole kina upana wa pikseli kumi hivi, yaani kama sehemu moja tu, na nafasi kati ya kidole na kidole haipo kabisa. Chagua `Only masked` ili kiganja kikuzwe kabla ya kuchorwa, `Only masked padding` uitoe 32 uipeleke 80 ili modeli ione kifundo na ijue kiganja kimeelekea wapi, na `Denoising strength` iwe karibu 0.45. Prompti hasi ya raundi hiyo ni fupi:

```
gloves, mittens, fused fingers, extra fingers
```

`gloves` na `mittens` ndizo zenye nguvu, kwa sababu ile ile ya koti: ni nguo, na modeli inazijua.

Fundi kanirudishia picha jana. Vifungo viwili, mikono ya koti imesimama, vidole vimehesabika. Ila yeye ni fundi, akaona nisichokiona: koti limefunga upande wa kulia juu ya kushoto, kama la kike. Neno la kuzuia hilo halipo, kushoto na kulia modeli inavichanganya. Nimemwambia apake upya ukanda wa mbele tu, kutoka kola mpaka chini ya kifungo cha pili, akibadilisha `Seed` mpaka upande sahihi utokee.