Nguvu 4 kati ya 5 haishoni suruali: kujaza fomu ya tathmini ya ulemavu kutoka kwenye faili la kliniki

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza faili nene la mgonjwa na fomu tupu ya maombi ya pensheni ya ulemavu, utashawishika kuanza na jina la ugonjwa. Nafasi ya ugonjwa hujaa kwa dakika mbili. Kinachomnyima mtu haki yake, au kuirudisha fomu mezani kwako, ni ile sehemu inayouliza mtu huyu anaweza kufanya nini na hawezi kufanya nini. Faili la kliniki halikuandikwa kujibu swali hilo. Liliandikwa ili anayefuata ajue dawa gani ziendelee.

Kwanza fahamu fomu inakokwenda. Kwa NSSF ya Tanzania, kwa mfano, kinachotazamwa ni kama mwanachama amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na bodi ya madaktari ndiyo inayothibitisha. Bodi hiyo inasoma zaidi ya inavyomwona mgonjwa, na hata ikimwita inakaa naye kwa muda mfupi. Kwa hiyo usiandike "hawezi kufanya kazi yoyote". Hiyo ni hukumu, na hukumu ni ya bodi. Wewe unapeleka vipimo na maelezo ambayo mtu asiyemjua mgonjwa anaweza kuyafikia mwenyewe akiyasoma. Masharti ya michango waachie ofisi ya mfuko. Ila kama ulemavu umetokana na kazi yenyewe, sema mapema, maana kwa Tanzania madai hayo huenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na fomu zake ni nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Ni mwanamke wa miaka 46, fundi cherehani kiwandani, anayetumia mkono wa kulia. Alipata kiharusi Machi 2023, upande wa kulia ukalegea. Fomu inajazwa Mei 2024, miezi 14 baadaye. Kwenye faili lake, ukihesabu tangu kiharusi, wiki ya pili nguvu ya mkono wa kulia ni 1 kati ya 5, mwezi wa tatu ni 3, mwezi wa sita ni 4. Kuanzia hapo kila hudhurio linasema karibu maneno yaleyale: anaendelea vizuri, nguvu 4 kati ya 5, presha imetulia, aendelee na dawa.

Mgeni wa kazi hii ataandika: "Kiharusi, udhaifu kidogo upande wa kulia, anaendelea vizuri." Hakuna neno la uongo hapo, na bado sentensi hiyo inamwangusha mgonjwa. "Anaendelea vizuri" katika kliniki ya presha maana yake presha imeshuka na hajapata kiharusi kingine. Haisemi lolote kuhusu kushona. Na ile 4 inahitaji kueleweka. Katika kipimo hicho, 3 ni kiungo kinachoweza kuinuka chenyewe dhidi ya uzito wake, 5 ni nguvu ya kawaida, na kila kitu kilicho katikati, kinachoweza kuhimili msukumo kiasi, kinaitwa 4. Ni daraja pana mno. Zaidi ya hapo, linapima msuli mmoja kusukuma au kuvuta mara moja. Halipimi vidole kufanya kazi pamoja, wala halipimi saa nane za zamu. Mtu mwenye 4 anaweza kushindwa kufunga kifungo.

Kwa hiyo kabla hujaandika, tafuta maelezo ya kazi kutoka kwa mwajiri, ukurasa mmoja unatosha: anakaa au anasimama, mikono inafanya nini, anainua kilo ngapi, zamu ni saa ngapi. Kwa fundi wetu jibu ni hili: anakaa saa nane akishona mishono ya pembeni ya suruali, mikono yote miwili inaongoza kitambaa kuelekea kwenye sindano, mguu wa kulia unakanyaga pedali. Sasa unajua cha kupima. Bila ukurasa huo utapima vitu kumi, na kile kimoja kinachoamua utakiacha.

Nguvu ya kushika hupimwa kwa dainamomita ya mkono. Mgonjwa akae, kiwiko kikunjwe pembe mraba, abane mara tatu kila mkono akipumzika katikati, nawe uandike namba zote tatu pamoja na wastani. Fundi wetu anapata kilo 8, 10 na 9 mkono wa kulia, na kilo 25, 26 na 24 wa kushoto. Namba zote tatu ziandikwe kwa sababu zikikaribiana wasomaji wengi huzichukua kama dalili kwamba amebana kwa bidii. Zikitawanyika sana, sema tatu, kumi na tano, saba, anayesoma atauliza kwa nini, na ni heri umjibu humohumo kwenye fomu: maumivu, uchovu, au hakuelewa maelekezo.

Wepesi wa vidole hupimwa kwa ubao wa vijiti tisa: mtu anavichomeka kimoja kimoja kwenye matundu kisha anavichomoa. Mtu mzima mwenye mkono mzima huchukua takribani sekunde 20. Mkono wa kushoto wa fundi unatumia sekunde 21. Wa kulia umechomeka vijiti vinne katika dakika mbili, jaribio likasimamishwa. Kama kituo chako hakina ubao wala dainamomita, usiache nafasi tupu na usikisie namba. Mpe shati lenye vifungo vitano, tazama saa, andika alifunga vingapi kwa dakika ngapi na kwa mkono upi. Mpe chupa ya maji ya lita moja aitoe mezani aiweke kwenye rafu ya usawa wa bega. Vitu hivyo kila msomaji anavijua.

Kwenye kuandika, tenganisha mambo matatu ambayo faili huyachanganya: alichosema mgonjwa, ulichokiona, na ulichopima. "Anasema vidole hufa ganzi baada ya kushika kitu kwa muda" ni maneno yake, na yana nafasi yake. "Kijiko kilimdondoka mara mbili katika dakika tano" ni uliloliona. "Kilo 9" ni kipimo. Ukiandika ganzi kana kwamba umeipima, na bodi ikagundua, hata zile kilo 9 za kweli zitatiliwa shaka.

Sehemu ya mkono kwenye fomu yake inaweza kusomeka hivi: "Mkono wa kulia, ambao ndio wa kazi, unafunga na kufungua ngumi, lakini kidole gumba na cha shahada havishiki kitu chembamba. Nguvu ya kushika: kulia wastani kilo 9, kushoto kilo 25 (Mei 2024). Vijiti tisa: kushoto sekunde 21, kulia vijiti vinne kwa dakika mbili, hakumaliza. Alipopewa kitambaa akiongoze mezani kwenye mstari ulionyooka, mkono wa kulia ulikisukuma pembeni kila alipojaribu, majaribio matatu. Kazi yake inataka mikono yote miwili iongoze kitambaa kwa saa nane." Neno "kali" halimo, wala "kidogo", wala "sana". Maneno hayo kila mtu anayapima kwa kibaba chake.

Kutembea ndiko faili hujipinga lenyewe. Mtaalamu wa fiziotherapia, mwezi wa sita, ameandika kwamba anatembea mwenyewe. Daktari, mwezi wa kumi na moja, ameandika kwamba hatembei bila msaada. Usichague moja na kuficha nyingine, kwa kuwa nakala ya faili inaweza kuombwa. Mara nyingi wote wawili wako sahihi: wa kwanza alimaanisha hashikwi na mtu, wa pili alimaanisha hawezi bila fimbo. Mtembeze kwenye korido, andika hali yenyewe: "Kwa fimbo, sakafu tambarare, bila kushikwa, mita 180 kwa dakika sita, alisimama kupumzika mara moja. Ngazi: hupanda kwa kushika ukuta, mguu mmoja mmoja." Kila kipimo kiambatane na masharti yake manne: kiasi gani, kwa muda gani, kwa msaada wa nini, na baada yake nini kinatokea. Kwa vitu vinavyokuja na kuondoka, kama maumivu au kizunguzungu, weka pia mara ngapi kwa wiki. "Siku nyingine hawezi kabisa" haina uzito hadi iwe "siku mbili hadi tatu kwa wiki, kwa maelezo yake na ya dada anayeishi naye".

Andika pia anachoweza. Hapa wageni wengi huogopa, wakidhani wanamharibia mgonjwa. Fundi wetu anaelewa maelekezo, anaongea vizuri, anakaa saa moja kabla ya kuhitaji kuinuka, anabeba mfuko wa kilo 5 kwa mkono wa kushoto. Bodi lazima ijiulize kuhusu kazi nyingine zinazomfaa, na itajiuliza hata usipoandika. Fomu isiyo na hata jambo moja linalowezekana, kwa mtu aliyeingia akitembea, huonekana imepikwa.

Kuhusu kudumu kwa ulemavu, neno "wa kudumu" lisisimame peke yake. Sehemu kubwa ya kurudi kwa nguvu baada ya kiharusi huonekana katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha mwendo hupungua. Unachohitaji ni vipimo viwili vya kitu kilekile vilivyoachana kwa muda. Faili la fiziotherapia la mwezi wa nane lina kilo 9, la sasa lina kilo 9, na katikati amehudhuria mazoezi. Hayo yaandikwe na tarehe zake. Kama kipimo kipo kimoja tu, au cha mwisho kina mwaka mzima, pima upya kabla ya kutuma.

Faili lina mambo mengine: hali ya VVU, historia ya uzazi, ugomvi wa nyumbani. Fomu itapita mikononi mwa mwajiri na makarani. Yasiyohusika na kikomo unachokieleza yaache humo humo, na yanayohusika yaandikwe kwa ridhaa yake tu.

Rasimu ikikamilika, na kabla daktari hajatia saini, msomee mgonjwa mwenyewe kwa lugha anayoielewa. Fundi akisikia "anavaa nguo mwenyewe", atasema ni kweli, tangu ameacha nguo za vifungo anavaa dera, na sidiria anafungwa na dada yake. Futa ule mstari, andika huo aliousema.