Sekunde thelathini za fundi cherehani: gauni moja, ahadi moja

Tangu tangazo la video la sekunde thelathini la karakana yangu ya hapa Kirumba, Mwanza, lilipoanza kuzunguka kwenye simu za watu, nimepokea ujumbe mwingi wa mafundi wenzangu, na wa juzi, kutoka kwa dada mmoja wa Igoma, ndio ulionisukuma kuandika. Aliniuliza atawezaje kuingiza suti, sare za shule, mapazia, vitenge na marekebisho katika sekunde thelathini. Nilimjibu kwamba haiwezekani, na kwamba hata ikiwezekana haitamletea mteja, kwa sababu mtazamaji aliyeonyeshwa kazi tano hakumbuki hata moja.

Mimi nilichagua jambo moja tu: gauni lililobana. Wateja wangu wengi hushona gauni la kitenge kwa ajili ya harusi, na baada ya mwaka hulikuta zipu haipandi. Mimi huacha akiba ya sentimita tatu katika kila ukingo wa mshono wa ubavuni. Kingo hizo ni nne, kwa hiyo nikitoa sentimita moja na nusu kwa kila moja, gauni linapanuka kwa sentimita sita, na bado kinabaki kitambaa cha kushikilia mshono. Jambo hilo linaonekana kwa macho, na ndiyo maana linafaa kwa video. Uaminifu au bei nafuu haviwezi kupigwa picha.

Niliandika maneno kabla ya kuigusa kamera: «Gauni la sikukuu limebana? Usiligawe. Sisi tunaposhona huacha akiba ya kitambaa pembeni. Siku mwili ukiongezeka, tunafumua mshono, tunaupanua, unavaa tena. Tuko Kirumba, karibu na soko. Piga namba hii.» Hayafiki maneno thelathini, na yakisomwa kwa utulivu huchukua takriban nusu ya muda. Nusu iliyobaki ni ya mikono na cherehani. Ukilazimika kukimbiza ulimi ili uwahi, punguza maneno, usiongeze kasi.

Kisha nikagawa muda. Sekunde nne za mwanzo ni zipu iliyokwama mgongoni, bila salamu wala jina la duka. Sita zinazofuata, gauni linageuzwa ndani nje na kidole kinaonyesha akiba. Tisa ni za kufumua na kushona upya, sita za zipu kupanda hadi juu, na tano za mwisho ni jina, mahali na namba ya simu. Kijana mmoja wa kupiga video alinishauri tuanze na Jiwe la Bismarck na machweo ya ziwa, akacheka nilipokataa. Kicheko kile sijakisahau. Lakini sekunde tano za ziwa ni sehemu ya sita ya tangazo, na mtu wa Mwanza ziwa analiona kila siku.

Kupiga picha kwenyewe kulikwisha asubuhi moja. Simu iwe wima, na kila tendo lipigwe kwa ziada ya sekunde mbili tatu mwanzoni na mwishoni, ili upate pa kukata. Kaa karibu na dirisha na uzime taa za mirija, kwa kuwa baadhi yake huchora mistari inayotembea kwenye video na kuharibu rangi ya kitenge. Bonyeza kioo cha simu kwa muda juu ya kitambaa hadi mwanga ujifunge, la sivyo picha itang'aa na kufifia kila mkono unapopita.

Sauti ndiyo iliyonipa kazi. Upepo wa kutoka Mwaloni huingia kwenye maikrofoni kama ngurumo, kwa hiyo nilifunga mlango nikasoma maneno yangu katikati ya nguo zilizotundikwa, ambazo humeza mwangwi. Mlio wa cherehani niliurekodi peke yake.

Katika kuhariri, tandaza sauti kwanza, halafu kata picha zifuate maneno: akiba ionekane pale neno «akiba» linapotamkwa. Kata picha wakati mkono uko katika mwendo, wala usingoje utulie. Wimbo wa msanii maarufu uachane nao, maana mitandao inaweza kuuzima na tangazo likabaki bubu. Mlio wa cherehani ulinitosha. Namba ya simu iweke katikati ya kioo, kwa sababu chini na kulia hufunikwa na vitufe.

Kabla ya kulisambaza, litazame kwenye simu ndogo bila sauti, kisha mpe mtu asiyelijua alitazame mara moja na umwulize fundi huyu anafanya nini na yuko wapi. Akishindwa kujibu moja, rudi kwenye sekunde husika. Nakala ya kumtumia mtu atakayelipandisha mahali pengine, itume WhatsApp kama faili la hati, si kama video ya kawaida, kwa kuwa video hubanwa na maua ya kitenge hugeuka ukungu.